Stoo ya zahanati: kutoka kadi ya rafu mpaka oda isiyokuacha mikono mitupu

Glavu zilituishia tarehe 14 Aprili, na tulikaa siku 19 bila hata jozi moja stooni. Mama mmoja alijifungua katika siku hizo, na ndugu zake walikwenda duka la dawa la sokoni kununua glavu usiku. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa stoo ya zahanati hiyo. Nilidhani kosa ni la gari lililochelewa. Nilipokaa na kadi za miaka miwili nyuma niliona kitu kingine: glavu zilikuwa zinaisha karibu kila robo mwaka, na kila zikiisha, oda iliyofuata ilikuwa ndogo kuliko ya kabla yake. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaagiza upungufu.

Mwongozo huu unafuata bidhaa hiyo moja, boksi la glavu za uchunguzi zenye vipande 100, tangu linaposhushwa mlangoni mpaka linapoagizwa tena. Ukiweza kulifuata boksi hilo, sirinji, gozi, pamba, plasta, spiriti na sefti boksi zinafuata njia ile ile. Nimeandika kwa zahanati ya Tanzania inayoagiza Bohari ya Dawa kila miezi mitatu. Kama ratiba yako ni ya miezi miwili, badilisha namba hiyo moja tu kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Chagua kipimo kimoja cha kuhesabia

Kabla ya kuandika chochote, amua kadi ya kila bidhaa itahesabu nini. Glavu zina vipimo vitatu vinavyochanganywa kila siku: kipande, jozi na boksi. Muuguzi akiomba "glavu 50" anaweza kumaanisha jozi 50, yaani boksi zima, au vipande 50, yaani nusu boksi. Mtunza stoo akitoa nusu na kuandika moja, kadi imeshaharibika, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kuhesabu.

Sisi tuliandika juu ya kila kadi, kwa kalamu nene: "Kipimo: boksi la vipande 100." Boksi halifunguliwi stooni. Likitoka, linatoka zima. Kwa vidonge angalia zaidi, kwa sababu kadi yako inaweza kuhesabu makopo ya vidonge 1,000 wakati fomu ya maombi inahesabu vidonge au pakiti. Ukiandika 10 ukiwaza makopo, na mfumo ukasoma vidonge 10, utaletewa kiasi kisichotosha mgonjwa mmoja, na robo mwaka nzima itakuwa imepita. Kila unapojaza maombi, soma kipimo kilichoandikwa kwenye mstari huo wa fomu, hata kama umeujaza mara kumi huko nyuma.

Hatua ya 2: Pokea mchana, ukiwa na mashahidi

Gari likifika, usisaini kwanza. Waite wajumbe wa kamati ya kituo waliopangwa kushuhudia mapokezi, kisha hesabu boksi kwa boksi ukilinganisha na hati ya kupokelea. Angalia mambo matatu kwa kila mstari: idadi, tarehe ya kuisha muda, na hali ya boksi. Boksi lililolowa linafunguliwa palepale. Kama hati inasema 30 na umehesabu 28, andika 28 kwenye hati mbele ya dereva, na wote msaini. Ukisaini 30 kwa ahadi kwamba mbili zitaletwa kesho, hizo mbili ni deni lako wewe.

Pangeni mzigo siku hiyo hiyo. Maboksi yakae juu ya vichanja, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita 30 kutoka ukutani, ili unyevu usipande na mchwa waonekane mapema. Usipange juu zaidi ya mita 2.5, maana boksi la chini linapondeka na mtu wa kulitoa anaumia. Mzigo mpya uende nyuma au chini, na unaoisha muda mapema ukae mbele mkono unapofika kwanza. Wengi wanasema kilichoingia kwanza kitoke kwanza, lakini mara nyingine mzigo mpya unakuja na tarehe fupi kuliko ulioko rafuni. Tarehe ya kuisha ndiyo inayoamua. Sisi tuliiandika kwa maka peni upande wa boksi unaotazama mlango, mwezi na mwaka kwa herufi kubwa, ili hata aliyeingia kwa haraka aione bila kuligeuza.

Hatua ya 3: Kadi ikae rafuni, si mezani

Kila bidhaa ina kadi yake, wengi tunaiita bin kadi, na mahali pake ni rafuni pembeni ya bidhaa yenyewe. Kadi zikikaa kwenye faili ofisini zitajazwa jioni kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya jioni huacha lile boksi moja lililochukuliwa saa nne asubuhi mgonjwa alipokuwa anavuja damu.

Kila mstari wa kadi unabeba tarehe, kilikotoka au kilikokwenda, namba ya hati, kilichoingia, kilichotoka, salio na sahihi. Hakuna boksi linaloondoka rafuni kabla salio jipya halijaandikwa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, andika namba iliyo sawa pembeni, na uweke herufi za jina lako. Usifute kwa wino mweupe, maana mkaguzi akiona wino mweupe anaanza kuwaza wizi hata pale ambapo hakuna.

Siku ambayo salio linafika sifuri, chora mstari mwekundu na uandike tarehe. Siku mzigo unapoingia tena, chora mwingine. Mistari hiyo miwili ndiyo itakayookoa oda yako huko mbele, na ndiyo niliyoikosa kwenye kadi nyingi nilizorithi. Kulikuwa na sifuri, kisha namba mpya, bila kujulikana ni siku ngapi zilipita katikati.

Hatua ya 4: Toa kwa hati, na uandike kilichoombwa hata kama hukitoi

Hapa ndipo stoo nyingi za zahanati zinapoteza ukweli wake. Mtu anagonga mlango, anasema "dada, nipe boksi la glavu," anapewa, anaondoka. Mwisho wa mwezi namba zipo, lakini hazina maana.

Weka siku moja ya kutoa vifaa kwa wiki. Kwetu ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla foleni haijakuwa ndefu. Kila chumba, yaani leba, chumba cha sindano na vidonda, maabara, na kliniki ya mama na mtoto, kinaleta hati yenye safu nne: jina la bidhaa, kilichobaki chumbani asubuhi hiyo, kinachoombwa, na kilichotolewa. Safu tatu za mwanzo anajaza mwombaji. Ya nne anajaza mtunza stoo. Wote wawili wanasaini, nakala moja inabaki chumbani na nyingine stooni.

Safu ya kilichobaki chumbani ndiyo inayokataliwa zaidi, na ndiyo nisiyoiacha kamwe. Kinachotoka stoo si lazima kiwe kimetumika. Baada ya zile siku 19, kila chumba kiliogopa kuishiwa tena. Mzigo ulipofika, maombi yalipanda ghafla. Wiki ya tatu niliomba kufunguliwa kabati la chumba kimoja nikakuta boksi saba zimepangwa nyuma ya mashuka, wakati chumba hicho hakitumii hata moja na nusu kwa wiki. Muuguzi hakuwa ameiba. Alikuwa anajikinga na stoo asiyoiamini. Kwa kadi yangu, hata hivyo, boksi hizo saba zilishahesabiwa kama matumizi.

Dawa ya hilo ni kukipa kila chumba kiwango chake. Tulikubaliana na dada wa leba kwamba chumba chake kiwe na boksi tatu kila Jumatatu asubuhi baada ya kujaziwa. Akija na hati inayoonyesha imebaki moja, anapewa mbili bila maswali. Akitaka zaidi ya hapo anaeleza sababu kwenye hati, kwa mfano wiki hiyo kuna siku ya chanjo ya mkoba au wajawazito wengi wanakaribia. Zikapita wiki sita bila kukosa, na kuficha kukaisha bila mtu kugombezwa.

Safu ya kinachoombwa nayo isibadilishwe kamwe ilingane na kilichotolewa. Maabara wakiomba boksi mbili na stoo ina moja, hati isomeke imeombwa 2, imetolewa 1. Usimwambie mwombaji aandike 1 "ili karatasi zikae sawa". Ile moja iliyokosekana ni hitaji la kweli, na hakuna mahali pengine litakapoandikwa.

Usiku hauna mtunza stoo. Andaa sanduku la dharura leba lenye mahitaji ya akina mama wawili kujifungua, orodha ikiwa imebandikwa ndani ya kifuniko, na ulifunge kwa utepe wenye sahihi. Likifunguliwa usiku, asubuhi linajaziwa kwa hati na kufungwa upya. Hapo funguo za stoo hazina sababu ya kuzunguka kwa watu watano.

Hatua ya 5: Hesabu kwa macho

Siku ya mwisho ya mwezi, watu wawili wanaingia stooni. Mmoja anahesabu bila kuona kadi, mwingine anaandika. Mkishamaliza ndipo mnalinganisha. Anayehesabu akiwa na kadi mkononi atahesabu mpaka afike namba ya kadi, kisha ataacha. Nimejikuta nikifanya hivyo mwenyewe bila kukusudia.

Ikitofautiana, salio la kadi linafuata kilichopo rafuni, na tofauti inaandikwa kwenye mstari wake kama marekebisho, pamoja na sababu: imelowa, imeazimwa zahanati jirani, imeisha muda, haijulikani. Neno "haijulikani" likitokea mwezi mmoja ni bahati mbaya. Likitokea miezi mitatu mfululizo kwa bidhaa ile ile, tazama nani anaingia stooni na lini.

Kuna dalili nyingine ambayo haionekani kama kosa: kadi ambayo kwa miezi sita haina tofauti hata moja. Stoo inayofunguliwa kila wiki hukosea kidogo. Kadi isiyokosea kabisa huenda haihesabiwi, inanakiliwa.

Hatua ya 6: Tafuta matumizi ya kweli ya mwezi

Hizi ndizo namba za robo yetu ya Aprili hadi Juni, yenye siku 91. Tarehe 1 Aprili tulianza na boksi 6. Zikaisha, na sifuri ikaanza tarehe 14 Aprili mpaka 2 Mei, siku 19. Tarehe 3 Mei tukapokea 30. Tukaazimisha 2 kwa zahanati jirani. Tarehe 30 Juni tukahesabu, zikabaki 2.

```
matumizi = kianzio + kilichopokelewa - kilichoazimishwa - kilichobaki
         = 6 + 30 - 2 - 2 = 32
```

Njia iliyozoeleka ni kugawa 32 kwa miezi 3, unapata 10.7 kwa mwezi. Hesabu hiyo inasema kwamba katika siku 19 za sifuri zahanati haikuhitaji glavu. Tunajua si kweli, maana ndugu wa mgonjwa walikuwa wanazinunua sokoni. Boksi 32 zilitumika katika siku ambazo glavu zilikuwepo, na siku hizo ni 91 kutoa 19, yaani 72.

```
kwa siku  = 32 / 72 = 0.444
kwa mwezi = 0.444 x 30 = 13.3
```

Kati ya 10.7 na 13.3 ndipo oda zetu za miaka miwili zilipokuwa zinaliwa. Ukiishiwa, matumizi yanaonekana madogo. Yakionekana madogo unaagiza kidogo. Ukiagiza kidogo unaishiwa mapema zaidi, na robo inayofuata yanaonekana madogo tena.

Njia hii ina mipaka yake. Siku za sifuri zikizidi nusu ya kipindi, siku zilizobaki ni chache mno kuziamini, hivyo chukua robo ya nyuma iliyokuwa na mzigo. Kama kabla ya kuisha mlikuwa mnabana matumizi, kwa mfano kila chumba kikipewa nusu ya kilichoomba, hata 13.3 ni ndogo. Hapo ndipo safu ya kinachoombwa inapolipa: jumlisha kilichoombwa na kunyimwa, uongeze kwenye matumizi. Upande wa pili, kama vyumba vimeficha mzigo, namba yako ni kubwa mno. Jumlisha kilichobaki vyumbani siku ya kuhesabu, utoe ziada iliyopita viwango mlivyokubaliana. Na kwa bidhaa za msimu, kama vipimo vya haraka vya malaria, linganisha na miezi ile ile ya mwaka jana, kwa sababu robo ya mvua na robo ya kiangazi hazifanani.

Hatua ya 7: Panga oda

Oda lazima ikubebe kwa vipindi vitatu: miezi 3 mpaka oda nyingine, mwezi 1 wa kusubiri mzigo tangu unapotuma, na mwezi 1 wa akiba kwa gari linalochelewa au wiki yenye wagonjwa wengi. Jumla ni miezi 5. Muda wa kusubiri usiukisie. Chukua hati zako tatu za mwisho, tazama tarehe ya kutuma na tarehe ya kupokea, kisha tumia ule mrefu.

```
oda = (matumizi ya mwezi x 5) - kilichopo stoo - kilichoko njiani
    = (13.3 x 5) - 2 - 0
    = 67 - 2 = 65
```

Kwa ile hesabu ya zamani tungeagiza 51. Tofauti ya boksi 14 ni zaidi kidogo ya mwezi mzima wa glavu, yaani akiba yote na siku chache juu yake. Mfumo wa eLMIS, ule wa kompyuta unaopokea maombi, una sehemu ya siku ambazo bidhaa haikuwepo. Ukiiacha sifuri wakati kadi inaonyesha 19, mfumo utakukokotolea ile namba ndogo. Jaza kutoka kwenye mistari yako miwili myekundu, na uweke kadi tayari, kwa sababu mfamasia wa wilaya akiona umeomba 65 badala ya 51 ana haki ya kuuliza.

Ile "kilichoko njiani" husahaulika. Kama kuna boksi za oda iliyopita ambazo hazijafika lakini hazijafutwa, zitoe. Usipozitoa utapokea mara mbili, na stoo ndogo ikijaa utaanza kupanga maboksi sakafuni.

Hatua ya 8: Kiwango cha hatari

Tulituma oda ya 65 tukiwa na boksi 2, na mzigo ulikuwa mwezi mmoja mbele. Oda nzuri haikusaidii leo. Kwa hiyo kila kadi ina namba moja iliyozungushiwa duara juu yake: kiwango cha hatari. Kwetu kupata mzigo wa haraka kulichukua wiki mbili hivi, tukaongeza wiki moja ya tahadhari. Wiki tatu za matumizi ni 0.444 mara siku 21, sawa na 9.3, tukaandika 10. Salio likigusa 10 na hakuna mzigo unaotarajiwa ndani ya wiki mbili, mganga mfawidhi anaambiwa siku hiyo hiyo kwa maandishi.

Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuazima zahanati au kituo cha afya jirani, kupitia kwa mfamasia wa wilaya anayejua nani ana ziada. Azimo linaandikwa kwenye kadi za pande zote mbili, na kwenye oda usilitoe, kwa sababu utalirudisha. Ya pili inahusu pale Bohari ya Dawa inapojibu kwamba bidhaa haipo. Taarifa hiyo ya kukosekana ihifadhi vizuri. Ndiyo inayokuruhusu kuomba kibali cha halmashauri na kununua kwa Mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba wa kuuzia vituo bidhaa zinazokosekana Bohari, utaratibu ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenea mikoa mingine. Bila taarifa hiyo maombi yako yatarudishwa, na utapoteza wiki nzima. Ulichonunua kwa Mshitiri ni mali yako, kwa hiyo kitoe kwenye oda. Tungenunua boksi 12 kabla ya kutuma, oda ya 65 ingekuwa 53.

Kilichojaa kupita kiasi

Upungufu unaonekana haraka, ziada inanyamaza mpaka tarehe ipite. Kila baada ya miezi mitatu tembea rafuni ukiuliza swali moja kwa kila bidhaa: kwa matumizi yetu, kitaisha kabla ya tarehe yake? Tulikuwa na nyuzi za kushonea 40, tukitumia 4 kwa mwezi, na muda ulikuwa umebaki miezi 6. Tungetumia 24. Nyingine 16 zingefia rafuni. Tulizipeleka kituo cha afya kinachofanya upasuaji, zikiwa bado na nusu mwaka wa maisha, zikapokelewa kwa furaha. Tungengoja mwezi wa mwisho hakuna ambaye angezichukua. Zilizokwisha muda zinaondolewa rafuni mara moja, zinafungiwa kwenye boksi lililoandikwa "ZIMEISHA MUDA", zinatolewa kwenye kadi, na zinasubiri utaratibu wa halmashauri wa kuteketeza. Usizichome mwenyewe nyuma ya zahanati.

Ukienda likizo

Makabidhiano ni hesabu ya macho, si funguo. Anayekabidhi na anayepokea wanahesabu pamoja, angalau zile bidhaa kumi zinazotoka sana, wanaandika salio kwenye kila kadi na kusaini chini ya mstari mmoja wenye tarehe. Mwachie pia karatasi moja ukutani: siku ya kutoa vifaa, viwango vya kila chumba, oda iliyoko njiani na tarehe inayotarajiwa, na bidhaa zilizokaribia duara. Niliporudi likizo yangu ya kwanza baada ya kupanga hivi, kadi ya glavu ilikuwa na mistari minne ya mwandiko wa mwenzangu, salio 23, na rafuni nikahesabu 23.